Kufuta ujumbe kwako na kufuta kwa wote: kwa nini chaguo la pili hutoweka, na la kufanya likitoweka

Malalamiko kuhusu kufuta ujumbe kwenye WhatsApp huwa ya aina tatu. Wa kwanza hulalamika kwamba amebonyeza ujumbe, akachagua kufuta, na hakuliona chaguo la kufuta kwa wote. Wa pili alichagua kufuta kwake mwenyewe pale alipokusudia kufuta kwa wote. Wa tatu alifuta kwa wote, akaona kwa macho yake kwamba umefutika, kisha siku ya pili akakuta mtu bado anao. Matatizo haya yanafanana kwa sura lakini sababu zake ni tofauti, na anayetumia dawa ya moja kutibu jingine hupoteza muda ambao, kama itakavyoonekana, ndio kitu pekee asichokuwa nacho cha kutosha.

Kabla ya kuyachukua moja moja, ni lazima tuelewane kuhusu chaguo hizi mbili zinafanya nini hasa, kwa sababu majina yake yanapotosha kidogo. Kwenye simu iliyowekwa kwa Kiingereza zinaandikwa `Delete for me` na `Delete for everyone`, nasi hapa tutaziita kufuta kwako na kufuta kwa wote. Mtu akizisoma pamoja hudhani ni kitendo kimoja chenye ukubwa tofauti, kana kwamba la kwanza linafuta kidogo na la pili linafuta sana. Ukweli ni kwamba ni vitendo viwili visivyohusiana. Kufuta kwako ni kazi inayofanyika ndani ya akaunti yako: programu inauondoa ujumbe kwenye orodha yako, na hakuna mwingine anayeambiwa lolote. Kufuta kwa wote ni kutuma ujumbe mwingine. Huo ujumbe wa pili hausomwi na mtu. Unasomwa na programu iliyo kwenye simu ya mpokeaji, na maana yake ni kwamba ule ujumbe wenye namba fulani ya utambulisho, uliotoka kwangu, tafadhali uondoe na mahali pake uandike kwamba umefutwa.

Neno la kushikwa hapo ni tafadhali. WhatsApp hutumia usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, na ujumbe ukishafika kwenye simu ya mpokeaji, seva haibaki na nakala yake. Usiofika husubiri huko kwa siku 30 tu, kisha huondolewa. Kwa hiyo hakuna ghala moja ambako kampuni inaweza kuingia na kuutoa ujumbe wako ukatoweka kwa watu 40 kwa mkupuo. Kuna simu 40, kila moja na nakala yake, na kila moja inapaswa kupokea ombi lako, kulitambua na kulitekeleza. Mengi ya yanayofuata yanatokana na jambo hilo.

Dalili ya kwanza: chaguo la kufuta kwa wote halionekani

Sababu ya kawaida ni kwamba muda umepita. Kwa sasa WhatsApp hutoa takriban siku mbili tangu ujumbe ulipotumwa. Agosti 2022, kikomo hiki kilipoongezwa, kampuni yenyewe ilisema ni zaidi kidogo ya siku mbili, na waliokuwa wakijaribu matoleo ya awali walikuta ni siku mbili na saa 12, yaani saa 60 kwa jumla. Ushauri wangu ni kuhesabu siku mbili kamili na kuyachukulia yanayozidi kama bahati. Muda huanza kuhesabiwa pale ujumbe ulipotumwa, wala si pale uliposomwa, na watu wengi hukosea hapo. Ujumbe ambao mwenzako hajausoma kwa siku nne una umri wa siku nne, hata kama kwake bado ni mpya kabisa.

Kabla ya kukubali kwamba muda ndio uliokwisha, angalia kwanza umechagua nini. Ukichagua jumbe kadhaa kwa pamoja na katikati yake ukawemo hata mmoja ulioandikwa na mwingine, au mmoja ulio wa zamani, programu itakuonyesha tu kile kinachowezekana kwa zote, nacho ni kufuta kwako. Hili huwatokea hasa wanaosafisha mazungumzo kwa haraka, wakigusa jumbe nyingi zinazofuatana. Ondoa uchaguzi wote, shikilia ujumbe wako mmoja tu, kisha ujaribu tena. Likitokea chaguo la pili, tatizo lilikuwa hapo, na utalazimika kuzifuta moja moja au kuzichagua zilizo zako peke yake.

Angalia pia ni nani aliyeuandika. Katika mazungumzo ya watu wawili huwezi kufuta kwa wote ujumbe wa mwenzako, hata uwe umeufuta kwako mara ngapi. Katika kundi, msimamizi anaweza kufuta kwa wote ujumbe wa mwanachama yeyote, na wanachama wataona kwamba umefutwa na msimamizi, jina lake likiwamo; mwanachama wa kawaida hana uwezo huo juu ya ujumbe wa mwingine.

Sababu nyingine huletwa na aibu. Mtu akikosea kutuma kitu kundini, hatua yake ya kwanza mara nyingi ni kutoka kwenye kundi, kwa kudhani kwamba akiondoka na alichokiacha kitaondoka naye. Kinyume chake, aliyetoka kundini hawezi tena kutuma chochote humo, na kwa kuwa kufuta kwa wote ni kutuma, anakuwa amejifungia mlango mwenyewe. Futa kwanza, ndipo utoke. Halikadhalika kuiondoa programu kwenye simu, kufuta mazungumzo yote au kusafisha historia hakuathiri nakala za wengine hata kidogo.

Mwisho, kama ujumbe ni wa leo, ni wako, umeuchagua peke yake, na bado chaguo halipo, tazama saa na tarehe ya simu. Programu hupima umri wa ujumbe kwa kulinganisha nyakati, na simu ambayo tarehe yake imerukia mbele inaweza kuuona ujumbe wa asubuhi kama wa wiki iliyopita. Rudisha mpangilio wa saa ya kujirekebisha kutoka kwenye mtandao, funga programu na uifungue tena.

Dalili ya pili: ulifuta kwako ilhali ulitaka kufuta kwa wote

Kosa hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu humpa mkosaji utulivu wa uongo. Ujumbe unatoweka mbele ya macho yake, naye anashusha pumzi, ilhali kwa wengine upo kama ulivyokuwa. Alama ya kutofautisha ni moja na haidanganyi. Ukifuta kwa wote, ujumbe hauondoki bila kuacha dalili. Mahali pake hubaki maneno kwamba umeufuta ujumbe huu, ambayo kwa Kiingereza ni `You deleted this message`, na wengine huona `This message was deleted`. Ukifuta kwako, hakibaki kitu. Mahali papo patupu, jumbe za juu na za chini zimekutana. Kwa hiyo usafi unaokufurahisha ndio ishara ya kwamba umekosea.

Tangu Desemba 2022 programu hutoa sekunde 5 za kutengua kosa hilo: chini ya skrini hutokea kipande kidogo chenye neno `Undo`, na ukikigusa ujumbe hurudi, nawe unaweza kuchagua upya. Sekunde 5 ni chache kwa mtu aliyeshtuka, hivyo ni vyema kulijua jambo hili kabla halijakufika. Zikishapita, simu yako haina tena ule ujumbe wa kuushikilia, na kwa hiyo haina cha kukuonyeshea chaguo la pili. Kizuizi hapa si muda. Hata kama ulituma dakika moja iliyopita, huwezi kuutaja ujumbe ambao hauko tena kwako.

Nikupe kisa kimoja nilichokishuhudia. Mwenzangu kazini alikusudia kumtumia mkuu wake jedwali la mishahara, akalituma kwenye kundi la wafanyakazi wote. Ilikuwa Ijumaa, saa mbili na dakika kumi usiku. Aligundua baada ya dakika tatu, akashikilia ujumbe, akagusa alama ya kufuta, na kwa kutetemeka akachagua kufuta kwake. Jedwali likatoweka. Akalala. Jumamosi asubuhi mfanyakazi mmoja akamwandikia kwa upole akiuliza kama yale aliyoyaona ndiyo viwango vipya.

Tuhesabu muda wake. Kwa siku mbili kamili, kikomo chake kilikuwa Jumapili saa mbili na dakika kumi usiku. Kwa saa 60, kingekuwa Jumatatu saa mbili na dakika kumi asubuhi. Asubuhi ile ya Jumamosi zilikuwa zimepita kama saa 12 tu. Muda ulikuwapo, na hata hivyo yeye mwenyewe hakuweza kufanya lolote, kwa kuwa ujumbe haukuwa kwake tena. Aliyeweza ni msimamizi wa kundi, ambaye kwenye simu yake ujumbe ulikuwa bado upo. Alimpigia, akamweleza ni ujumbe upi na wa saa ngapi, na msimamizi akaufuta kwa wote ndani ya dakika mbili. Hiyo ndiyo njia ya kwanza kwa kosa lililotokea kundini: tafuta msimamizi, mpigie badala ya kumwandikia, na usisubiri kukuche, maana uwezo wake nao una mwisho wake.

Je, kama lingekuwa limetumwa kwa mtu mmoja? Hapo hakuna msimamizi, na linalobaki ni kumwomba mpokeaji afute mwenyewe. Wengine hupendekeza kuiondoa programu na kuirudisha kwa nakala ya akiba iliyohifadhiwa kabla ya kufuta. Njia hiyo hukurudishia ujumbe kwenye skrini yako, ikiwa nakala ilichukuliwa baada ya kutuma na kabla ya kufuta, lakini itakupotezea jumbe zote zilizoingia baada ya nakala hiyo. Kwa simu ya kazi hiyo ni gharama kubwa mno. Mimi nisingeishauri kwa jambo ambalo simu ya heshima kwa mpokeaji inaweza kulimaliza.

Dalili ya tatu: umefuta kwa wote, lakini mtu bado anao

Kwenye kisa chetu, msimamizi alipofuta, wanachama wengi waliona maneno ya kufutwa, ila wawili waliendelea kuwa na jedwali. Mmoja alikuwa amelifungua kwa programu nyingine ya majedwali na kulihifadhi humo. Wa pili alikuwa amelipeleka mbele kwa rafiki yake, na ujumbe uliopelekwa mbele ni ujumbe mpya wenye namba yake mpya. Ombi la kufuta ule wa kwanza halimgusi.

Nakala hizi za pembeni ndizo sababu kuu, nazo hutofautiana kwa aina ya kilichotumwa. Picha na video kwenye aifoni zinaweza kuwa zimeshahifadhiwa kwenye programu ya picha ya simu, na huko WhatsApp haizifuati tena. Kampuni inalikiri hili wazi katika maelezo yake. Maandishi yaliyonukuliwa katika jibu la mtu huweza kubaki ndani ya jibu, kwa kuwa jibu hubeba nakala ya kilichojibiwa. Arifa nayo huweza kuwa imesomwa kwenye skrini iliyofungwa kabla ombi lako halijafika, na simu za Android kuanzia toleo la 11 zina historia ya arifa ambayo mwenye simu akiiwasha huweka yaliyoonekana hapo. Picha ya skrini haihitaji maelezo.

Pili, ombi lenyewe linaweza lisitekelezwe. Simu ya mpokeaji yenye toleo la zamani mno la programu, au iliyozimwa kwa muda mrefu, inaweza isilitekeleze ombi. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: programu haikujulishi kufuta kunaposhindikana. Wewe utaona maneno kwamba umefuta, kwa sababu simu yako imefanya sehemu yake. Kilichotokea kwenye simu ya pili hukioni. Kwa hiyo maneno yale upande wako yanathibitisha kwamba umeomba, hayathibitishi kwamba umekubaliwa.

Kuna kipimo kidogo kinachosaidia, ikiwa una nusu dakika ya utulivu kabla ya kufuta. Tazama tiki. Tiki moja ina maana ujumbe haujafika kwenye simu ya mpokeaji, na ukifuta sasa uko katika hali nzuri kuliko zote. Tiki mbili zina maana umefika, na nakala tayari iko mikononi mwa mwingine. Kundini, shikilia ujumbe ufungue `Info`, utaona orodha ya waliofikiwa na ya waliosoma. Orodha hiyo itakusaidia kujua ni nani wa kuzungumza naye baadaye, kwani baada ya kufuta hutaipata tena.

Kwa nini chaguo la pili lina mwisho

Mtu akishaelewa kwamba kufuta kwa wote ni ombi linalotumwa, swali la muda hubadilika. Kiufundi, hakuna kinachozuia ombi kama hilo kutumwa baada ya mwaka mzima. Ushahidi ni historia ya kikomo chenyewe. Chaguo la kufuta kwa wote lilipoanza mwishoni mwa 2017, muda ulikuwa dakika 7. Machi 2018 ukawa saa moja, dakika 8 na sekunde 16, namba inayoonekana ya ajabu hadi ukiibadili kuwa sekunde: ni 4096, yaani 2 iliyozidishwa yenyewe mara 12, na mwandishi wa programu huitambua mara moja. Agosti 2022 ukawa zaidi ya siku mbili. Ujumbe haukubadilika umbo katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni uamuzi. Telegram, ambayo mazungumzo yake ya kawaida hukaa kwenye seva zake, iliondoa kikomo kabisa Machi 2019, na pande zote mbili za mazungumzo ya faragha zinaweza kufuta ujumbe wowote wakati wowote. Signal, inayosimba fiche kama WhatsApp, imeweka saa 24. Mipaka hii haifanani kwa sababu imewekwa na watu.

Hata hivyo, uamuzi huo una mantiki inayotokana na mahali ujumbe ulipo. Huduma yenye ghala lake inaweza kuahidi kufuta cha miaka mitano iliyopita, kwa kuwa nakala kuu iko kwake. Huduma ambayo nakala zake zote ziko kwenye simu za watu huahidi kidogo zaidi kadiri siku zinavyopita: simu hubadilishwa, nakala za akiba huchukuliwa usiku, picha huhamia kwenye albamu, jumbe hupelekwa mbele. Kumwonyesha mtu kitufe kinachosema kwa wote baada ya miezi mitatu kungekuwa kumwahidi jambo ambalo mara nyingi si kweli.

Upande wa pili ni wa mpokeaji, na kwa maoni yangu ndio wenye uzito zaidi, ingawa watumaji huusahau. Ujumbe uliofika umekuwa pia kumbukumbu yake. Ikiwa mtu amekuahidi kulipa deni kwa maandishi, au amekutishia, asingepaswa kuwa na uwezo wa kuingia kwenye simu yako baada ya mwaka na kuiondoa ahadi au kitisho hicho. Kikomo kinatenganisha kurekebisha kosa, ambalo kwa kawaida hugunduliwa ndani ya saa chache, na kufuta historia.

Kwa sababu hiyo hiyo, kikomo hakikaguliwi na simu ya mtumaji peke yake. Siku za mwanzo, watu waligundua kwamba wakikata mtandao na kurudisha nyuma tarehe ya simu, chaguo lililotoweka lilirudi, na ombi likatekelezwa upande wa pili. Mwaka 2018 ikaongezwa hatua ya ukaguzi kwenye simu ya mpokeaji, ili ombi linalochelewa kupita kiasi lisitekelezwe. Hila za kuchezea saa ambazo bado zinasambazwa zinatoka enzi hiyo, na mara nyingi matokeo yake leo ni programu kukataa kuunganika hadi tarehe irekebishwe.

Usichanganye pia kikomo hiki na kile cha kuhariri. Kuhariri ujumbe, kulikoanza Mei 2023, kuna dakika 15 tu. Aliyekosea tarakimu moja katika namba ya akaunti na kugundua baada ya dakika 20 hana njia ya kuhariri, lakini bado anaweza kufuta kwa wote na kutuma upya.

Kwa ujumbe ambao umeshapita kikomo cha kufuta kwa wote, hakuna mpangilio utakaokurudishia chaguo hilo. Jumbe za kujifuta zenyewe, ambazo hupangwa kwa saa 24, siku 7 au siku 90, hushika zile zinazotumwa baada ya kuziwasha na hazizihusu za zamani. Aliye na uwezo juu ya nakala ile ni mwenye simu iliyoibeba, na kumwomba aifute huhitaji simu moja tu.